Simu ya Siku Moja Kabla ya Upasuaji

Siku moja kabla ya upasuaji uliopangwa, hospitali nyingi humpigia mgonjwa simu au kumtumia ujumbe. Wagonjwa wengi hujibu "Nitakuja" na kukata. Lakini simu hiyo haiulizi tu kama mgonjwa bado yupo tayari. Inabeba maagizo ya saa ya mwisho ya kula, saa ya mwisho ya kunywa, dawa za kumeza na za kuacha, saa ya kufika, vitu vya kubeba na mtu wa kuja naye. Likikosewa moja tu, mgonjwa anaweza kukaa na njaa usiku kucha, afike hospitali, kisha arudishwe nyumbani apangiwe tarehe nyingine.

Tumchukue mgonjwa wa mfano. Ni mama wa miaka 52 anayeishi Pangani, mwenye ngiri ya kitovu. Ana presha na kisukari, na kila siku anameza vidonge vya amlodipini na metformini. Amepangiwa kufanyiwa upasuaji Jumatano asubuhi katika hospitali moja mjini Tanga. Atalazwa usingizi kwa nusukaputi, na akiamka salama ataruhusiwa jioni ya siku hiyo hiyo. Jumanne, saa nne asubuhi, simu yake inaita.

"Shikamoo mama. Napiga kutoka hospitali, wodi ya upasuaji. Naomba unitajie majina yako kamili na mwaka wako wa kuzaliwa."

"Marahaba mwanangu." Mama anataja.

"Ahsante. Na kesho unakuja kufanyiwa nini?"

Swali hilo la mwisho humshangaza mgonjwa, kwani anadhani hospitali ndiyo inayojua. Nesi anajua. Anachotaka ni kuyasikia kutoka kinywani mwa mwenyewe, ili alinganishe na faili lililo mbele yake. Akisema yeye, "Wewe ni fulani na unakuja kwa ngiri?" mgonjwa mwenye wasiwasi au asiyesikia vizuri anaweza kuitikia tu, hata kama faili si lake.

Saa ngapi, na usiku upi

Kosa la kwanza hutokea kwenye saa. Nesi anamwambia mama afike saa 12:30 asubuhi, na upasuaji unatarajiwa kuanza saa 2:30. Baadaye kompyuta ya hospitali inamtumia ujumbe ulioandikwa 06:30. Nesi na kompyuta wamesema kitu kimoja, lakini msomaji aliyezoea kuhesabu saa kuanzia macheo anaweza kuusoma ujumbe ule kuwa ni saa sita na nusu mchana. Akifika wakati huo, amechelewa kwa saa sita kamili, na nafasi yake imekwisha kupewa mwingine. Kosa la upande wa pili nalo lipo: mtu aliyepangiwa saa nane mchana huandikiwa 14:00, akaambiwa na jirani kuwa bila shaka ni saa mbili, naye akafika asubuhi na kushinda na njaa bila sababu.

Dawa yake ni kurudia saa kwa kuitaja pamoja na kipindi cha siku. "Kwa hiyo ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, jua likichomoza tu?" Hapo hakuna nafasi ya kupishana.

Usiku nao una mtego wake. Pwani, watu wengi huhesabu usiku kuwa ni wa siku inayofuata, hivyo usiku wa Jumatano kwao ni ule unaoanza Jumanne jua likizama. Nesi aliyekulia bara anaweza kusema "usiku wa Jumatano" akimaanisha usiku unaokuja baada ya Jumatano. Neno "saa sita usiku" peke yake pia huleta mashaka: ya kuamkia lini? Mama wetu anauliza moja kwa moja: "Ni leo Jumanne usiku, kuamkia kesho Jumatano?" Nesi anathibitisha kuwa ndiyo.

Kufunga kuna saa mbili, si moja

Watu wengi wanajua kwamba hakuna kula kabla ya upasuaji. Wasichojua ni sababu, na sababu ndiyo inayoonyesha kipi ni hatari na kipi si hatari.

Mtu akiwa macho, tone la maji likipotea njia koo hujibana, naye hukohoa mpaka litoke. Nusukaputi hulaza ulinzi huo wote. Misuli inayofunga mlango wa juu wa tumbo hulegea, na kama kuna chakula au maji mengi ndani, yanaweza kupanda hadi kooni na kuteremka kwenye mapafu bila mgonjwa kukohoa. Vipande vya chakula huziba njia ya hewa. Majimaji ya tumboni, ambayo ni tindikali kali, huunguza mapafu.

Daktari wa uzazi wa New York, Curtis Mendelson, ndiye aliyeieleza hatari hii kwa kina mwaka 1946. Alipitia kumbukumbu za wajawazito 44,016 wa kuanzia mwaka 1932 hadi 1945, akakuta 66 ambao vitu vya tumboni viliingia mapafuni wakati wamelazwa usingizi. Wawili walifariki, wote kwa kuzibwa na chakula kigumu. Alionyesha pia, kwa kutumia sungura, kuwa ni tindikali inayoyaharibu mapafu hata pasipo chakula. Kuanzia hapo hospitali nyingi zikashika amri moja: kuanzia saa sita usiku, hakuna chochote kinachoingia mdomoni.

Amri hiyo ni nyepesi kukumbuka, lakini inakaza kuliko inavyohitajika. Maji hayakai tumboni kama ugali unavyokaa. Kwa mtu mwenye afya, nusu ya glasi ya maji aliyokunywa huwa imeshatoka tumboni ndani ya takriban dakika 20. Chapati iliyokaangwa, au nyama yenye mafuta, inaweza kukaa kwa saa nyingi. Ndiyo maana miongozo ya wataalamu wa usingizi inayofuatwa leo katika nchi nyingi inatenganisha mambo. Chakula chenye mafuta mengi, cha kukaanga au cha nyama kiachwe saa 8 kabla ya usingizi. Chakula chepesi, na maziwa ya ng'ombe au ya kopo, saa 6. Maziwa ya mama kwa mtoto anayenyonya, saa 4. Maji na vinywaji vinavyopitisha mwanga, saa 2.

Kinywaji kinachopitisha mwanga ni kile ambacho ukikitia kwenye glasi unaona upande wa pili: maji, chai ya rangi, kahawa isiyo na maziwa, maji ya tufaha yaliyochujwa. Chai ya maziwa haimo. Maziwa yakifika tumboni huganda na kuwa mazito, kwa hiyo huhesabiwa pamoja na chakula. Uji nao ni chakula, hata uwe mwepesi namna gani, na juisi ya embe au parachichi ni chakula pia. Supu ya mbuzi inayonywewa alfajiri na wasafiri ina mafuta, hivyo inaingia kwenye fungu la saa 8 pamoja na maandazi.

Sasa tuhesabu kwa mama wetu. Upasuaji ni saa 2:30 asubuhi. Ukirudi nyuma saa 8, unafika saa 6:30 usiku. Hospitali imeweka mpaka wa saa 6 usiku kwa chakula chote, ili asihitaji kufikiria kipi kina mafuta na kipi hakina. Atakula wali na samaki wa nazi saa 2 usiku kama kawaida yake, naye yuko salama kabisa. Kwa maji, saa 2 kabla ni saa 12:30 asubuhi. Nesi anampa mpaka wa saa 12 kamili, kwa kuwa upasuaji unaweza kuanza mapema kidogo.

Hapa mama anatakiwa kusema jambo moja: ana kisukari. Kisukari cha miaka mingi kinaweza kuzorotesha tumbo, na chakula kikakaa kuliko inavyotarajiwa. Wajawazito, wenye tatizo la chakula kurudi kooni, na wanaotumia sindano za kupunguza uzito zinazochelewesha tumbo kumwaga chakula, nao wako kwenye kundi hilo. Mtaalamu wa usingizi ndiye anayeamua kama mgonjwa wa aina hiyo afunge zaidi. Nesi anasubirisha simu, anamuuliza mtaalamu, kisha anarudi: kwa mama huyu ambaye hajawahi kutapika chakula cha jana wala kujaa tumbo kwa kula kidogo, saa zinabaki zilezile.

Kujinyima zaidi ya ulivyoambiwa hakuongezi usalama. Tumbo tupu linaendelea kutoa tindikali, mwili unakauka, kichwa kinauma, na mishipa ya mkono hujificha mpaka sindano ya dripu ichomwe mara mbili tatu. Kwa mwenye kisukari kuna hatari ya sukari kushuka, ndiyo sababu wagonjwa kama hawa, na watoto wadogo, hupangwa wa kwanza kwenye orodha ya siku. Kama mama angewekwa mchana, ingekuwa halali yake kuuliza kama anaweza kusogezwa mbele.

Wakati wa Ramadhani hesabu hubadilika. Mgonjwa aliyekula daku saa kumi alfajiri, akiwa na upasuaji saa tatu asubuhi, hajatimiza hata saa sita. Anayefunga Ramadhani aseme hivyo kwenye simu, apewe saa ya kula inayolingana na upasuaji badala ya kukisia kuwa swaumu yake inatosha. Aulize pia kuhusu dawa na dripu, kwa sababu siku hiyo ni mgonjwa, na dini imempa ruhusa ya kulipa baadaye.

Si kila tiba inahitaji kufunga. Kung'olewa jino kwa ganzi ya kinywani, au kushonwa kidonda, mara nyingi hakuhitaji. Ganzi ya mgongoni inahitaji, ingawa mgonjwa yuko macho, kwa sababu isipokolea mtaalamu hulazimika kugeukia nusukaputi papo hapo. Kipimo cha mpira tumboni nacho kinahitaji, kwani daktari hawezi kuona kidonda kilichofunikwa na wali.

Dawa za asubuhi

Kwenye dawa, "usile wala usinywe" huwapoteza watu wengi. Mama akisikia hivyo tu, ataacha vidonge vyote, presha ipande, na upasuaji uahirishwe. Mwongozo mmoja unaotumiwa na wataalamu wa usingizi wa Uingereza unataka presha iliyopimwa kliniki kabla ya upasuaji wa kupangwa iwe chini ya 180 kwa 110. Hivyo nesi anamwambia ameze amlodipini saa 11 alfajiri kwa funda dogo la maji. Metformini ya asubuhi aiache, kwa sababu hatakula.

Dawa nyingine haziwezi kusubiri simu ya siku moja kabla. Wafarini, inayozuia damu kuganda, kwa kawaida husimamishwa takriban siku 5 kabla, kwa amri ya daktari tu. Vidonge vya kisukari vya jamii ya dapaglifolozini na empaglifolozini husimamishwa siku 3 kabla. Anayetumia dawa hizi na hakuambiwa lolote kliniki anatakiwa kuzitaja mara tu anapopigiwa, hata kama upasuaji utasogezwa. Dawa za miti shamba na vidonge vya kitunguu saumu au tangawizi navyo hutajwa, maana baadhi hufanya damu ichelewe kuganda.

Saa ya kufika si saa ya kupasuliwa

Mama anaona saa mbili kati ya kufika na kupasuliwa ni nyingi. Zina kazi. Anapimwa uzito, presha, joto na sukari. Anabadilishwa nguo. Mtaalamu wa usingizi anatazama mdomo na shingo, anauliza kuhusu meno yanayolegea na mzio. Daktari mpasuaji anamweleza upasuaji, anachukua saini yake, na kuweka alama kwa kalamu mahali pa kupasua. Dripu inawekwa. Aliyefika saa mbili kasorobo hawezi kupitia yote hayo bila kitu kurukwa, na kwa kawaida anayemfuata kwenye orodha huingizwa badala yake.

Kwa kuwa kutoka Pangani hadi Tanga ni kiasi cha kilomita 50, na hakuna uhakika wa gari la alfajiri, mama anaamua kulala Jumanne kwa mpwa wake Ngamiani. Ni uamuzi unaofanywa kwa sababu ya simu ile. Kama angejua saa ya upasuaji peke yake, angepanda basi la kwanza na kufika akiwa amechelewa.

Katika saa hizo atatajishwa jina na tarehe ya kuzaliwa mara nyingi, mlangoni, wodini na ndani ya chumba cha upasuaji. Mwaka 2018 jijini Nairobi, mgonjwa mmoja alifunguliwa kichwa kwa upasuaji uliokuwa wa mgonjwa mwenzake. Shirika la Afya Duniani lilitengeneza orodha ya ukaguzi inayosomwa kwa sauti kabla ya usingizi, kabla ya kisu na kabla ya mgonjwa kutoka. Ilijaribiwa katika hospitali 8 duniani, na mojawapo ilikuwa Ifakara, Tanzania. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha vifo vimeshuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Mgonjwa anayejibu swali lilelile kwa mara ya nne anashiriki katika ukaguzi huo.

Mkobani

Karatasi zinakuja kwanza: kadi ya kliniki, barua ya rufaa, majibu ya damu, picha na ripoti ya altrasaundi, kitambulisho, na kadi ya bima. Kwa wenye bima, swali la kuuliza kwenye simu ni kama kibali cha upasuaji kimeshatoka. Kadi yenyewe haitoshi pale ambapo bima inataka kuidhinisha kwanza. Asiye na bima aulize kiasi cha kulipa na njia ya kulipia, ili asianze kutafuta wakala wa pesa akiwa na dripu mkononi.

Dawa zake zote azibebe zikiwa kwenye pakiti zake. Vidonge vilivyochanganywa kwenye kikaratasi havimwambii daktari chochote. Abebe kanga mbili, gauni pana lisilobana kitovu, na kandambili. Miwani, kifaa cha kusikia na meno bandia aje navyo pamoja na visanduku vyake. Meno ya kuchomoa hutolewa kabla ya usingizi, na mara nyingi hupotea yakifungwa kwenye karatasi ya chooni.

Dhahabu ibaki nyumbani: bangili, pete, kipini. Vyuma huweza kusababisha kuungua pale mashine ya umeme inapotumika kukausha damu, na vidole huvimba. Rangi ya kucha itolewe. Kifaa kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni husoma kwa mwanga unaopita kwenye ukucha, na rangi nzito, pamoja na piko nyeusi, huweza kukipotosha. Aliyetoka harusini na piko isiyofutika aseme mapema, kifaa kibanwe mahali pengine kama ndewe la sikio.

Nani aje naye

"Mama, utakuja na nani?" nesi anauliza.

"Na mjukuu wangu, ana miaka 14."

"Hapana mama. Tunahitaji mtu mzima, atakayekaa mpaka uruhusiwe, na atakayelala nawe usiku huo."

Hospitali haidai msindikizaji kwa heshima tu. Dawa za usingizi huacha akili nzito kwa muda baada ya mtu kuamka, hata akijiona mzima. Kwa saa 24 hatakiwi kuendesha gari, kusaini mkataba, wala kubaki peke yake. Hatakiwi kupanda bodaboda pia: anaweza kusinzia na kuachia, na kidonda cha tumbo hakivumilii mashimo ya barabara. Msindikizaji ndiye anayesikia maelezo ya kidonda, dawa na tarehe ya kurudi, maana mgonjwa mwenyewe anaweza kuitikia kila kitu na jioni asikumbuke hata neno moja. Asiye na msindikizaji huahirishwa, au hulazwa usiku mmoja kama kitanda kipo.

Kuhusu saini, mtu mzima mwenye akili timamu anajisainia mwenyewe. Mpwa au mume anaweza kusikiliza na kushauri, lakini mwili ni wa mama. Kwa mtoto ni tofauti. Bibi anaweza kumleta, ila saini inatakiwa ya mzazi au mlezi wa kisheria, na hilo liulizwe kwenye simu kabla bibi hajasafiri. Wengine waliobaki, majirani na watoto, wasubiri nyumbani, isipokuwa hospitali imeomba watu wa kuchangia damu.

Mama anabadilisha mpango: mpwa wake wa Ngamiani, mwenye miaka 30, ataomba ruhusa kazini.

Kabla ya kukata

Nesi anauliza la mwisho: kuna kikohozi, homa, kuharisha, au jipu lolote tangu kliniki? Anayejua ana mafua mazito aseme sasa, kwani mapafu yenye makohozi hayapendi nusukaputi na huenda tarehe ikasogezwa kwa wiki kadhaa. Kuna pia dalili zisizosubiri Jumatano. Ngiri ikiwa ngumu, ikauma sana, ikagoma kurudi ndani, na mgonjwa akaanza kutapika, huenda utumbo umebanwa. Hapo anakwenda hospitali usiku huo huo, tena bila kula.

Na kama asubuhi atajisahau akanywa chai ya maziwa, amwambie nesi alichokunywa na saa aliyokunywa. Mara nyingi upasuaji utasogezwa saa chache mbele. Akificha, mtaalamu wa usingizi atamlaza akiamini tumbo ni tupu.

Asiyeweza kuja apige simu mapema, siku hiyo hiyo ya Jumanne ikiwezekana. Wodi itampigia mgonjwa mwingine, naye atakuwa bado na muda wa kufunga. Anayeahirisha aulize papo hapo tarehe mpya, kama vipimo vya damu vitarudiwa, na kama kibali cha bima kitakuwa bado kinafanya kazi siku hiyo.